Mshahara umepanda, lakini unanunua zaidi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nyongeza za mshahara na mfumuko wa bei Uganda

Majibu haya ni ya mtu aliyepewa nyongeza mara kadhaa ndani ya miaka michache na anataka kujua kama mshahara wa leo unanunua zaidi, sawasawa, au pungufu ya ule wa mwanzo. Tumetumia mfano mmoja toka juu hadi chini: mtunza ghala wa kiwanda huko Jinja, kuanzia 2020 hadi 2024. Mtu huyo na mshahara wake ni wa kutunga. Viwango vya mfumuko wa bei, PAYE na NSSF ni vile vilivyotumika Uganda katika miaka hiyo.

Ninahitaji nini kabla ya kuanza hesabu?

Karatasi ya mshahara, walau moja kwa kila mwaka. Barua ya nyongeza haitoshi. Barua husema "asilimia 5", na mara nyingi asilimia hiyo ni ya mshahara wa msingi tu huku posho za usafiri na chakula zikibaki palepale. Karatasi ya mshahara ndiyo inayoonyesha kilichoingia na kilichokatwa.

Cha pili ni mfumuko wa bei wa kila mwaka, unaotolewa na Idara ya Takwimu ya Uganda, UBOS. Chukua ule wa jumla, unaohesabu bidhaa na huduma zote. UBOS hutoa pia mfumuko wa msingi, ambao huondoa mazao ya chakula na vitu vinavyofanana nayo pamoja na nishati, mafuta na huduma za maji na umeme. Huo unafaa kwa wanaopanga sera ya fedha. Haufai kupima mshahara, kwa sababu hakuna anayeishi bila matoke wala makaa.

Wastani wa mfumuko wa bei wa jumla ulikuwa asilimia 2.2 mwaka 2021, 7.2 mwaka 2022, 5.4 mwaka 2023 na 3.3 mwaka 2024.

Mtunza ghala wetu alilipwa kiasi gani?

Mwaka 2020 alilipwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi kabla ya makato. 2021 hakuongezwa kitu. Januari 2022 alifika 1,260,000, Januari 2023 akafika 1,386,000, na Januari 2024 akafika 1,428,000. Ukigawa 1,428,000 kwa 1,200,000 unapata 1.19, yaani mshahara umepanda kwa asilimia 19.

Nikijumlisha mifumuko ya bei ya miaka minne napata 18.1, nami nimeongezwa 19. Si nimefaidika?

Hapana, na hapa ndipo wengi hujikwaa, wafanyakazi kwa waajiri. Ile 19 imepatikana kwa kulinganisha mwanzo na mwisho, kwa hiyo ndani yake nyongeza ya 2024 imeshakaa juu ya ile ya 2023, na ile ya 2023 juu ya ile ya 2022. Ile 18.1 imejumlishwa kama vile kila mwaka bei zilianza upya kutoka kiwango cha 2020. Vitu viwili vilivyopimwa kwa njia mbili tofauti havilinganishwi.

Bei nazo hupanda juu ya bei za mwaka uliopita. Kwa hiyo zidisha, usijumlishe:

```
1.022 × 1.072 × 1.054 × 1.033 = 1.1929
```

Bei zilipanda kwa asilimia 19.3, si 18.1. Sasa gawa ukuaji wa mshahara kwa ukuaji wa bei:

```
1.19 ÷ 1.1929 = 0.998
```

Jibu likizidi 1 umepanda, likipungua umeshuka. Hapa ni pungufu kidogo mno, kama robo ya asilimia moja. Tahadhari moja: viwango vinavyotangazwa vimekadiriwa hadi desimali moja, na makadirio ya miaka minne yanaweza kusogeza jibu kwa karibu asilimia 0.2 huku au kule. Hivyo tusiseme mshahara huu umeshuka. Kabla ya makato, umesimama palepale. Hasara yake iko kwingine, kama swali linalofuata linavyoonyesha.

Nipime mshahara kabla ya makato au ule unaonifikia mkononi?

Pima vyote viwili, lakini uamini zaidi ule wa mkononi, kwa sababu ndio unaokwenda sokoni. Uganda tofauti kati ya vipimo hivi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, na sababu yake ni ngazi za PAYE.

Katika miaka ya mfano huu, shilingi 235,000 za kwanza za mwezi hazikutozwa kodi. Kutoka hapo hadi 335,000 kodi ilikuwa asilimia 10, hadi 410,000 asilimia 20, na juu ya hapo asilimia 30. Wanaozidi milioni 10 waliongezewa asilimia 10 kwa kile kinachozidi. Mipaka hii ilianza mwaka wa fedha 2012/13, na katika miaka yote ya mfano wetu haikusogea hata shilingi moja. Bei zilipanda, mishahara ikazifuata, mipaka ikabaki ilipo.

Mfanyakazi hukatwa pia asilimia 5 ya NSSF. Makato hayo hayapunguzi kiasi kinachotozwa PAYE, kodi hupigwa kwenye mshahara mzima. Kwa yeyote aliye kati ya 410,000 na milioni 10, hesabu yote hukunjika kuwa mstari mmoja:

```
mkononi = 0.65 × mshahara + 98,000
```

Hakiki kwa 2020. PAYE ni 25,000 ya ngazi za chini, jumlisha asilimia 30 ya 790,000 ambayo ni 237,000, jumla 262,000. NSSF ni 60,000. Mtunza ghala anabaki na 878,000. Kwa kanuni, 0.65 × 1,200,000 ni 780,000, ongeza 98,000, unapata 878,000 ileile.

Itazame vizuri hiyo 98,000. Ni nafuu anayopata kwa sababu sehemu ya kwanza ya mshahara wake haitozwi asilimia 30. Imeandikwa kwa shilingi na haipandi na bei. Mwaka 2024 shilingi 98,000 zilinunua kile ambacho 82,156 zilinunua 2020.

Mwaka 2024 mkononi kulibaki 1,026,200. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 16.9, si 19. Gawa 1.1688 kwa 1.1929, unapata 0.980. Ameshuka kwa asilimia 2, na hilo si kosa la makadirio tena.

Kwa thamani ya shilingi za 2020, mkono wake wa 2024 ni 860,291. Amepungukiwa 17,709 kwa mwezi. Kati ya hizo, 15,844 zimeliwa na ngazi za kodi zilizosimama, na 1,865 tu ndizo zinazotokana na mwajiri kubaki nyuma ya bei kidogo. Ukienda kwa mwajiri ukamwambia "umeninyima 17,709", utakuwa umemtwika mzigo ambao sehemu kubwa si wake.

NSSF yenyewe haileti pengo hili, kwa kuwa asilimia 5 hukua sambamba na mshahara. Kodi ya huduma ya mitaa, inayokatwa kati ya Julai na Oktoba na isiyozidi 100,000 kwa mwaka, tumeiacha nje ili mfano usomeke.

Je, pengo hili ni sawa kwa watu wote?

Huwabana zaidi waliokuwa karibu na mipaka ya chini. Mtu wa 410,000 mwaka 2020 alipeleka nyumbani 364,500. Mpe nyongeza ileile ya asilimia 19, anafika 487,900, na nyongeza yote imeangukia kwenye ngazi ya asilimia 30. Mkononi kunabaki 415,135, ambayo ni ongezeko la asilimia 13.9. Ukiondoa mfumuko wa bei ameshuka kwa asilimia 4.5, zaidi ya mara mbili ya mtunza ghala, ingawa wote wawili waliandikiwa asilimia 19. Kiwanda kinachotoa nyongeza ya asilimia moja kwa wote kinapaswa kulijua hili.

Nalinganisha mwanzo na mwisho tu. Ya katikati hayana maana?

Yana maana kubwa. Hii hapa safari nzima ya mtunza ghala, mwaka 2020 ukiwa 100 kwa bei, na safu ya mwisho ikiwa thamani ya mkono wake kwa shilingi za 2020:

| Mwaka | Kabla ya makato | Mkononi | Bei | Thamani halisi mkononi |
|---|---|---|---|---|
| 2020 | 1,200,000 | 878,000 | 100.0 | 878,000 |
| 2021 | 1,200,000 | 878,000 | 102.2 | 859,100 |
| 2022 | 1,260,000 | 917,000 | 109.6 | 836,997 |
| 2023 | 1,386,000 | 998,900 | 115.5 | 865,039 |
| 2024 | 1,428,000 | 1,026,200 | 119.3 | 860,291 |

Nyongeza ya asilimia 10 mwaka 2023 ilionekana ya ukarimu, lakini kazi yake ilikuwa kuziba sehemu ya shimo la 2022. Na haikurudisha kile ambacho kilishapotea ndani ya 2021 na 2022. Toa kila mwaka kutoka 878,000: pengo ni 18,900, kisha 41,003, kisha 12,961, kisha 17,709. Jumlisha, zidisha kwa miezi 12, unapata kama shilingi 1,087,000 za thamani ya 2020. Kwa kipimo cha mwanzo na mwisho ameshuka asilimia 2. Kwa kipimo cha miaka yote minne amepoteza zaidi ya mshahara wa mwezi mzima wa mkononi. Majibu yote mawili ni sahihi. La kwanza linaeleza alipo leo, la pili linaeleza kwa nini akiba yake imekauka.

Nitaiwekaje kwenye lahajedwali?

Safu A weka mwaka, B mshahara kabla ya makato, C mfumuko wa bei wa mwaka huo. Mstari wa 2 uwe mwaka wa mwanzo, na D2 iandike 1. Kisha, kuanzia mstari wa 3:

```
D3: =D2*(1+C3/100)
E3: =0.65*B3+98000
F3: =E3/D3
```

E2 na F2 zitumie kanuni hizohizo, kisha vuta chini. Safu ya E ni ya mishahara iliyo kati ya 410,000 na milioni 10 pekee, na kwa ngazi za kodi tulizozitaja. Ukiwa nje ya hapo, acha kanuni ukaandike kiasi cha mkononi kutoka kwenye karatasi ya mshahara. Hata ukiwa ndani, linganisha E na karatasi yako. Zikitofautiana, kuna makato mengine, kama mkopo au chama cha akiba. Yaondoe kwenye hesabu, kwa kuwa kulipa mkopo ni matumizi uliyojichagulia na hakupunguzi mshahara.

Kwetu nyongeza huja Julai. Hesabu inabadilika?

Inabadilika, na ukisahau utajipa faida ambayo hukuipata. Wastani wa mfumuko wa mwaka unahusu miezi 12 ya mwaka huo, basi na mshahara uwe wastani wa miezi 12. Kama mtunza ghala angeongezwa Julai 2022 badala ya Januari, mwaka huo angekuwa na miezi sita ya 1,200,000 na miezi sita ya 1,260,000. Wastani ni 1,230,000, na huo ndio wa kuandika kwenye safu B. Katika kesi hiyo andika safu E kwa wastani wa mkononi pia.

Kosa la upande wa pili ni kuchukua mfumuko wa mwezi mmoja kama wa mwaka mzima. Oktoba 2022 mfumuko ulifika asilimia 10.7, ukilinganisha mwezi huo na Oktoba 2021, lakini wastani wa 2022 nzima ulikuwa 7.2. Aliyeweka 10.7 kwenye safu C alijionyesha maskini kuliko alivyokuwa. Ukitaka kupima mwezi kwa mwezi, inawezekana: chukua fahirisi ya bei ya UBOS, yaani namba inayoonyesha kiwango cha bei, ya mwezi wa mwisho, igawe kwa fahirisi ya mwezi wa mwanzo, na ulinganishe na mishahara ya miezi hiyohiyo miwili. Chagua miezi inayofanana, Julai kwa Julai, maana bei za chakula hupanda na kushuka na misimu ya mavuno.

Mfumuko wa bei ulishuka kutoka 7.2 hadi 3.3. Mbona dukani hakuna kilichoshuka?

Kwa sababu kilichopungua ni kasi ya bei kupanda. Katika jedwali la juu bei zilitoka 109.6 hadi 115.5 hadi 119.3. Hazikurudi nyuma hata mwaka mmoja. Mwajiri anayesema "mfumuko umeshuka, hakuna haja ya nyongeza" anapendekeza thamani halisi ya mshahara wako ikatwe kama asilimia 3.2.

Takwimu ya taifa inasema 19.3, lakini nyumbani kwangu naona zaidi. Nani ana haki?

Huenda nyote. Fahirisi ya UBOS ni wastani wa matumizi ya kaya nyingi, na yako si wastani. Kwanza angalia mji wako: UBOS hutenganisha miji kama Jinja, Mbale, Mbarara, Gulu, Arua, Masaka na Fort Portal, na Kampala huigawa kwa kipato. Hilo pekee huweza kueleza sehemu ya tofauti.

Bado ukiona halitoshi, tengeneza kapu lako. Andika mgao wa matumizi ya mwaka wa mwanzo, na mbele ya kila kundi andika bei imekuwa mara ngapi ya ile ya zamani. Tuseme chakula ni asilimia 40 na bei imekuwa mara 1.25, kodi ya nyumba 20 na mara 1.10, karo ya shule 20 na mara 1.40, usafiri 10 na mara 1.30, mengineyo 10 na mara 1.15. Zidisha kila jozi kisha jumlisha: 0.50, 0.22, 0.28, 0.13 na 0.115. Jumla ni 1.245. Kwa kapu hilo la mfano bei zimepanda asilimia 24.5, na mkono wa mtunza ghala umeshuka asilimia 6.1 badala ya 2.

Kapu huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua matumizi mahali pa bei. Mtoto aliyekuwa darasa la tano mwaka wa mwanzo na sasa yuko sekondari anakulipisha zaidi, lakini hiyo si bei kupanda. Linganisha karo ya darasa lilelile katika shule ileile. Nyumba ukihamia yenye chumba zaidi, linganisha kodi ya ile uliyoiacha.

Ya pili ni kuamini bei iliyosimama. Fungu la nyanya linaweza kubaki shilingi 1,000 mwaka hadi mwaka. Zihesabu nyanya zenyewe. Kama fungu lilikuwa na tano na sasa lina tatu, nyanya moja imetoka 200 hadi 333, ongezeko la asilimia 67 ambalo hakuna mchuuzi aliyelitangaza. Mche wa sabuni na mkungu wa matoke vinataka uangalifu huohuo: andika bei kwa kilo au kwa idadi, si kwa fungu.

Si rahisi zaidi kupima kwa dola?

Ni rahisi, na jibu lake ni la uongo kwa anayenunua kwa shilingi. Kati ya 2021 na 2024 dola ilizunguka kwenye shilingi 3,500 hadi 3,900 hivi, huku bei za ndani zikipanda. Kwa kipimo hicho karibu nyongeza yako yote itaonekana faida halisi. Dola inafaa kwa matumizi yako yanayolipwa kwa dola, basi.

Bonasi, posho na cheo kipya viingie?

Posho ya kila mwezi iingie tangu mwaka wa mwanzo, kwa kiasi kilicholipwa kila mwaka. Ikiwa ilianzishwa katikati, iingie tangu hapo. Bonasi ya mara moja iweke safu yake peke yake, kwa sababu mwakani haitakuwa msingi wa nyongeza.

Cheo kipya kinapotosha kuliko vyote. Ukipandishwa daraja, sehemu ya nyongeza ni malipo ya kazi mpya. Tafuta mshahara wa sasa wa daraja uliloliacha na uupime huo: ndio utakaokuambia kama mwajiri anafuata bei.

Naweza kurudi nyuma miaka mingapi?

Mingi, ukiunganisha fahirisi kwa uangalifu. Iliyotumika mwaka 2024 ina msingi wa 2016/17, yaani bei za mwaka huo zimehesabiwa kuwa 100, na iliyotangulia ina msingi wa 2009/10. Usigawe namba ya moja kwa namba ya nyingine. Tafuta mwezi uliomo katika zote mbili, gawa mpya kwa ya zamani, na zidisha mfululizo wote wa zamani kwa jibu hilo. Ukifika kabla ya Mei 1987, kumbuka shilingi ilikatwa sifuri mbili: 100 za zamani zikawa 1.

Nataka kurudi nilipokuwa 2020. Niombe kiasi gani?

Wengi huomba 1,200,000 mara 1.1929, yaani kama 1,431,400. Haitoshi, kwa sababu ya ile 98,000. Anza na mkononi: 878,000 mara 1.1929 ni kama 1,047,300. Toa 98,000, gawa kwa 0.65, unapata karibu 1,460,500. Hiyo ni asilimia 21.7 juu ya mshahara wa 2020.

Kutoka 1,428,000 ya sasa ni nyongeza ya 32,500. Mwajiri anaongeza asilimia 10 yake ya NSSF, hivyo inamgharimu 35,750 kwa mwezi. Wewe unafikiwa na 21,125. Peleka namba hizo tatu pamoja na jedwali la miaka mitano. Ombi hilo linarudisha thamani ya mwezi tu. Ile 1,087,000 iliyopotea njiani ni dai jingine, na likitajwa liombwe kama malipo ya mara moja, lisichanganywe na mshahara wa kila mwezi.